Je, Wajua? Barua Pepe ya Kuomba Radhi kwa Kikao Ulichokikosa

"Leo nimekosa kikao na mteja. Nimeandika barua pepe ya kumwomba radhi, nikamalizia kwamba nipo tayari muda wowote utakaomfaa. Mkuu wangu wa kazi ameirudisha, anasema nitaje muda mwenyewe. Si ndiyo adabu, kumwachia aliyekosewa achague?"

Mkuu wako yuko sahihi, na sababu yake huonekana vizuri zaidi ukikaa upande wa anayepokea. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya eneo la Posta, Dar es Salaam, na shajara ya vikao imekuwa mezani kwangu kwa miaka mingi. Anayeniandikia "muda wowote" anadhani amenipa uhuru, kumbe amenipa kazi: nifungue shajara, niwaulize wale wengine waliokuwa wamemsubiri, nimwandikie kupendekeza siku, kisha nisubiri anijibu kwamba siku hiyo kwa bahati mbaya atakuwa safarini Dodoma. Aliyepotezewa saa nzima asubuhi anaongezewa nusu saa nyingine jioni, na safari hii kwa jina la adabu. Barua ya kuomba radhi hufanya kazi yake pale inapomwacha mpokeaji na jambo moja tu la kufanya, yaani kujibu "sawa, Alhamisi".

Nitaeleza kwa kisa kimoja nilichokishughulikia mwenyewe, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu. Mkandarasi mmoja wa viyoyozi alitakiwa kufika kwetu siku ya Jumanne, akague mashine za ghorofa ya tatu pamoja na afisa manunuzi na msimamizi wa jengo, kisha atoe profoma. Ujumbe wetu ulisema kikao ni "Jumanne saa 10:00". Afisa aliuandika akitazama kalenda ya kompyuta, ambayo kwake 10:00 ni saa nne asubuhi. Mkandarasi aliusoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili saa kumi ni saa kumi, basi akafika jioni, amevaa vizuri, ana mkoba wa vifaa, wakati watu wawili walikwisha kumsubiri asubuhi na kuondoka.

Saa zetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na hapa Dar es Salaam, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, hivyo hesabu hiyo haituangushi. Simu na kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kamili. Tatizo ni kwamba tarakimu zote mbili zinawezekana mchana: 10:00 inaweza kuwa asubuhi au jioni, na 4:00 vilevile. Neno la wakati wa siku ndilo linalookoa. "Saa 4:00 asubuhi" haina njia ya pili ya kusomeka. Ukiona mtu ameandika "saa 10:00 asubuhi", ujue amechukua tarakimu kutoka kwenye kalenda na kubandika neno la Kiswahili juu yake, kwa sababu saa kumi ya kwetu ni ya alfajiri au ya jioni. Hapo usikisie, uliza.

Jioni ileile mkandarasi aliandika barua mbili. Ya kwanza alimwonyesha msichana wa mapokezi kwenye simu yake, naye akamshauri asiitume. Ilisema hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu, ilishindikana kuhudhuria kikao. Naomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Nipo tayari muda wowote." Maneno hayo sote tunayajua, tumeyasoma kwenye matangazo ya maji na umeme tangu utotoni, na hayana kosa la sarufi hata moja. Lakini hebu tuyatazame kwa karibu. "Ilishindikana" ni kauli ya kutendeka, ambayo humficha mtendaji: hakuna aliyeshindwa, jambo limeshindikana tu. Usumbufu "uliojitokeza" umejitokeza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Na neno "wowote" linatia shaka kama usumbufu ulikuwapo, ilhali watu wawili walikaa ukumbini wakitazama mlango. Barua nzima imeomba radhi bila kuwa na mtu ndani yake.

Barua iliyotumwa ilikuwa hii, nami naiweka hapa nikiwa nimeondoa majina tu:

"Kikao cha leo nilichokikosa: naomba Alhamisi saa 4:00 asubuhi au Ijumaa saa 3:00 asubuhi

Ndugu Afisa Manunuzi,

Naomba radhi kwa kutofika kwenye kikao chetu cha leo asubuhi. Nilidhani ni saa kumi jioni, na sikupiga simu jana kuthibitisha kama nilivyopaswa. Wewe na msimamizi wa jengo mlinisubiri, na ukaguzi wa viyoyozi umechelewa kwa sababu yangu.

Naomba nije ofisini kwenu Alhamisi saa 4:00 asubuhi, au Ijumaa saa 3:00 asubuhi. Nafasi zote mbili nimeziacha wazi hadi kesho jioni. Ukaguzi utachukua dakika 40, na nimeambatanisha orodha ya vipimo ninavyohitaji ili msimamizi asilazimike kukaa nami muda wote.

Kama siku hizo hazifai, nitakupigia kesho saa 8:00 mchana tupange nyingine."

Tazama kwanza anavyoeleza sababu. Ni sentensi moja, na ni yake. Angeweza kusema kwamba ujumbe wetu ulikuwa na utata, na angekuwa anasema kweli, lakini ukweli huo ungemfanya afisa ajitetee, na mazungumzo yangehama kutoka kwenye viyoyozi kwenda kwenye nani aliandika nini. Yeye alichukua sehemu iliyokuwa mikononi mwake, yaani kutothibitisha. Afisa alipoisoma aliurudia ujumbe wake mwenyewe, akaona tarakimu, akaniambia, "Kumbe na sisi tulichangia." Ilitoka kwake bila kuvutwa.

Hapa jijini sababu inayotajwa kuliko zote ni foleni, nayo haisaidii, kwa kuwa anayeisoma naye amepita kwenye foleni hiyohiyo asubuhi hiyohiyo na amefika. Kama Barabara ya Morogoro ilifungwa Jangwani kwa maji ya mvua, liseme jambo hilo kwa jina lake, na useme pia saa uliyotoka nyumbani. Kama ulichelewa kutoka, sema ulichelewa kutoka. Kama ni ugonjwa au msiba, inatosha kuutaja. Hakuna anayehitaji cheti ndani ya barua pepe.

Ombi la radhi lenyewe limetajwa mara moja tu. Nimepokea barua zenye "samahani sana" tano, na kila mara najikuta naanza jibu kwa kumbembeleza mwandishi: usijali, hutokea, hata sisi tumewahi. Hiyo nayo ni kazi aliyopewa aliyekosewa.

Sasa tuje kwenye muda mpya, ambako wengi hukosea hata baada ya kuanza vizuri. Nafasi moja pekee husomeka kama amri. Nafasi tano humrudisha mpokeaji kwenye shajara, na wakati huo wewe mwenyewe huwezi kuzilinda zote tano. Mbili zinatosha, mradi ziwe siku tofauti, ili aliye na shughuli Alhamisi asikwame. Angalia pia zinaangukia wapi. Ijumaa karibu na saa saba mchana ni wakati wa sala, na kumwomba Mwislamu aje kikaoni wakati huo ni kuonyesha kwamba hukumfikiria. Ofisi za serikali hufunga saa 9:30 alasiri, kwa hiyo kupendekeza saa 10:00 jioni huko ni kumwomba mtu abaki kazini kwa kosa lako. Laiti kikao chetu kingekuwa cha serikali, saa hiyo peke yake ingemshtua mkandarasi mapema akapiga simu.

Kuna jambo dogo ninalolipenda katika barua ile. Hakumwambia afisa "naomba unijibu kabla ya kesho jioni". Alisema ameziacha nafasi wazi hadi kesho jioni. Siku ya mwisho ni ileile, ila katika sentensi ya kwanza aliyekosewa anapewa agizo, na katika ya pili aliyekosa anaeleza anachokifanya mwenyewe. Vilevile alisema atakuja yeye. Aliyekosa kikao hamwaliki mwenzake ofisini kwake Tegeta kwa kisingizio cha chai, safari ni juu yake.

Barua hiyo ilitumwa siku ileile, saa 11 jioni na dakika chache, kama jibu ndani ya mazungumzo yaleyale ya barua pepe, na kwa watu wote waliokuwamo. Msimamizi wa jengo, ambaye hakuwa mteja lakini ndiye aliyesimama mlangoni, aliisoma naye. Ukianzisha barua mpya kwa mtu mmoja, aliyesubiri pamoja naye hataliona ombi lako, na atakayetafuta tarehe baadaye atapata kumbukumbu mbili zinazogongana.

Barua pepe haichukui nafasi ya simu. Ukigundua dakika 10 baada ya kikao kuanza, piga simu hapohapo, kwa sababu huenda bado wamekaa na barua wataisoma saa nane. Simu huwaachilia watu waendelee na kazi, na barua huja baadaye kuweka muda mpya kwenye maandishi. Usipojibiwa kwa siku nzima ya kazi, usitume ombi la pili la radhi, piga simu uulize muda tu. Na kama ni mara ya pili kumkosa mtu yuleyule, barua haitatosha hata iandikwe vipi. Hapo ni kwenda mwenyewe, umwombe katibu wake dakika tano.

Afisa wetu alichagua Alhamisi. Mkandarasi akajibu kwa mstari mmoja: "Asante. Alhamisi saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00 kwenye kalenda ya kompyuta, ghorofa ya tatu." Nikauhamishia mstari huo kwenye shajara kama ulivyo.