Kuifunga seva ya Discord bila kuwaacha wanachama gizani

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, saa 3 usiku, niliifuta seva ya Discord niliyokuwa nimeiendesha kwa miaka minne. Ilikuwa ya watafsiri wa programu za kompyuta kwa Kiswahili, wanachama zaidi ya mia sita, ingawa waliokuwa bado wakizungumza hawakufika ishirini. Kufuta kwenyewe kulichukua chini ya dakika moja. Kazi ilikuwa wiki tatu zilizotangulia, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Discord haimtumii mwanachama taarifa yoyote seva inapofutwa. Anafungua simu asubuhi, alama ya seva haipo tena upande wa kushoto, na anabaki kujiuliza kama amefukuzwa. Ujumbe, picha na mafaili yaliyokuwamo hayarudi, hata ukiwaandikia watoa huduma wao. Kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa nifute vipi, bali je, yupo wa kumkabidhi?

Mmiliki wa seva ni mmoja tu. Msimamizi mwenye cheo chenye ruhusa ya `Administrator` anaweza kufanya karibu kila kitu, hata kufuta chaneli zote, lakini hawezi kuifuta seva yenyewe wala kumpa mtu mwingine umiliki. Na wewe mmiliki huwezi kuondoka tu kama wanachama wengine. Hata ukitaka kufunga akaunti yako, utatakiwa kwanza ukabidhi seva zako au uzifute. Kukabidhi ni rahisi: kwenye kompyuta ingia `Server Settings`, kisha `Members`, mtafute mtu, bonyeza nukta tatu kando ya jina lake, chagua `Transfer Ownership`. Ukithibitisha, wewe ni mwanachama kama wengine, na umiliki utaurudishiwa endapo tu yeye ataamua kukurudishia.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Miaka michache nyuma nilimkabidhi seva nyingine kijana mwema, mchapakazi, bila kumuuliza kama akaunti yake ina ulinzi wa hatua mbili. Baadaye mtu alimtumia picha ya msimbo wa QR, akaambiwa auskani kwa simu ili apate zawadi. Kumbe ule ni msimbo wa kuingilia akaunti. Kufika jioni tapeli ndiye alikuwa mmiliki, chaneli zimefutwa, na wanachama wanatumiwa viungo vya wizi kwa jina letu. Tangu siku ile simkabidhi mtu asiyenionyesha kwamba ulinzi huo ameuwasha. Safari hii wasimamizi wangu wawili nilizungumza nao kwa simu, mmoja mmoja. Wote walisema hawana muda. Kumlazimisha mtu achukue seva asiyoitaka ni kuiacha bila mlinzi, kwa hiyo tukakubaliana ifungwe.

Tangazo nililiandika tarehe 7 Juni, wiki tatu kabla. Shida ya kwanza ilikuwa saa. Tulikuwa na watu Bujumbura na Bukavu, walio nyuma yetu kwa saa moja, na wengine Muscat, walio mbele kwa saa moja. Ukiandika "saa 3 usiku" kila mmoja anaisoma kwa saa ya kwake, na aliyezoea saa za Kizungu anaweza kudhani ni usiku wa manane. Discord ina namna ya kuandika muda ambayo humwonyesha kila msomaji saa ya mahali alipo:

```
@everyone Habari zenu ndugu. Seva hii itafutwa
<t:1751133600:F> (<t:1751133600:R>).
Baada ya hapo hakuna kitakachorudi. Pakueni picha
na mafaili yenu. Mnaotaka kuendelea kuwasiliana,
ombaneni urafiki sasa. Maswali: #maswali-ya-mwisho
```

Ile namba ndefu ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970. Herufi `F` huonyesha siku na saa kamili, na `R` huonyesha muda uliobaki, ukipungua wenyewe kila siku.

Sentensi ya urafiki si ya adabu tu. Wengi huweza kuandikiana faraghani kwa sababu wako kwenye seva moja. Seva ikiondoka, na hawajakubaliana urafiki, na hakuna seva nyingine inayowaunganisha, ujumbe mpya unaweza kukataliwa.

Tangazo moja halitoshi. Wapo waliozima arifa za `@everyone`, na kwa seva iliyopoa huwa ni wengi. Nililirudia siku saba kabla na siku moja kabla, na katikati nikabadilisha jina la seva likawa `INAFUTWA 28 JUNI`, na alama yake nikaweka nyekundu. Asiyepata arifa ataliona jina akipitisha macho kwenye orodha yake. Siku hiyohiyo nilisimamisha mialiko kwa `Pause Invites` ndani ya `Invites`, maana si vizuri kumkaribisha mgeni kwenye nyumba inayobomolewa.

Tarehe 10, dada mmoja wa Bujumbura akaandika: "Kaka, zile istilahi za fedha tulizobishania mwaka mzima zinaenda wapi?" Nilikuwa nimezisahau. Discord haina kitufe cha kupakua seva nzima. Ukiomba data zako kwenye `Data & Privacy` utaletewa ujumbe ulioandika wewe peke yako, na inaweza kuchukua hadi siku 30, muda mrefu kuliko wiki zangu tatu. Ziko programu za pembeni zinazokuomba tokeni ya akaunti yako ili zikupakulie. Usiitoe. Tokeni ni ufunguo kamili wa akaunti, na kuiendesha akaunti ya mtu kwa programu namna hiyo kunakatazwa na kanuni za Discord. Tulikaa watu wanne, jioni tano, tukanakili chaneli ya istilahi kwa mkono kwenye jedwali: neno, tafsiri iliyokubaliwa, na hoja iliyoshinda. Tuliwaomba ruhusa wenye hoja ndefu. Picha tulizipakua moja moja, kwa kuwa kunakili kiungo cha picha iliyo Discord si kuihifadhi.

Siku ya mwisho, saa 2 usiku, niliwaondolea `@everyone` ruhusa ya `Send Messages`, na pia `Send Messages in Threads`, ambayo ni ruhusa ya peke yake na husahaulika. Watu wakawa na saa nzima ya kusoma na kupakua bila mazungumzo mapya kuanza.

Saa 3 nikaingia `Server Settings`, nikashuka hadi chini kabisa kwenye `Delete Server`. Linatokea dirisha linalokutaka uandike jina la seva herufi kwa herufi, na kama una ulinzi wa hatua mbili, namba sita za kwenye simu. Hapa lile jina jipya lilinisaidia mara ya pili: nina seva mbili nyingine zenye majina yanayofanana na la zamani, na `INAFUTWA 28 JUNI` haiwezi kuchanganywa na yoyote. Nikaandika, nikaweka namba, nikabonyeza. Alama nyekundu ikatoweka.

Kilichobaki ni viungo vya mwaliko vilivyotapakaa nje, ambavyo sasa humwambia anayebonyeza kwamba mwaliko si halali. Vya kwangu nilivikuta sehemu saba, kimoja kwenye slaidi za mafunzo ya 2022. Kila nilipoweza nilikitoa na kuweka kiungo cha lile jedwali la istilahi.