Kwa nini video ya WhatsApp hufika na ukungu, na namna ya kuituma ikiwa kamili

"Video nimeirekodi mwenyewe, kwenye simu yangu iko safi kabisa. Nikimtumia dada kwa WhatsApp inamfikia na ukungu, sura hata hazitambuliki. Ni mtandao au ni simu yake? Nifanyeje imfikie kama ilivyo?"

Mtandao hauhusiki, na simu ya dada haina kosa. Aliyeipunguza ni simu yako mwenyewe, tena kabla video haijaondoka. Ukishabonyeza kutuma, kiduara huanza kuzunguka juu ya video. Sehemu ya muda huo si ya kupakia. Programu inaifungua video yako, inaitengeneza upya ikiwa ndogo zaidi, halafu ndiyo inaituma hiyo nakala. Ile uliyorekodi inabaki kwenye galari yako haijaguswa, ndiyo maana wewe ukiangalia unaona safi na mwenzio analalamika.

Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe, kwa hiyo malalamiko haya nayapata karibu kila Jumatatu. Wageni wamerekodi kwa simu, bibi harusi anataka vipande vyao viingizwe kwenye video kubwa, na vyote vinakuja kwa WhatsApp. Chukua mfano wa kipande cha dakika moja: mashangazi wanaingia ukumbini na zawadi kwenye sendofu, wanacheza, nguo zina shanga zinazometa. Simu nyingi zikirekodi kwa ubora wa 1080p, dakika kama hiyo inakuwa faili la karibu MB 130. Kinachonifikia mimi ni faili la MB 10 hivi, wakati mwingine pungufu. Hizo MB 120 zimeachwa njiani, na hakuna programu ya kuzirudisha.

Hapa watu huuliza: mbona YouTube hailazimishi hivyo? Pale unapandisha video ikiwa kubwa, na mwenye bando dogo anaiangalia kwa ubora mdogo, mwenye intaneti ya nyumbani anaiangalia kwa ubora wa juu. Tofauti iko kwenye usiri. YouTube wanaiona video yako, kwa hiyo kompyuta zao zinaweza kutengeneza nakala kadhaa za ukubwa tofauti na kumpa kila mtazamaji inayomfaa. Ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa kufuli ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Katikati, seva inabeba mzigo uliofungwa ambao haiwezi kuufungua, sembuse kuupunguza. Basi kama kupunguza kupo, lazima kufanyike kwako, kabla ya kufunga, na nakala moja hiyohiyo iwafae wote: dada aliye na simu mpya Muskat na mjomba aliye kijijini na simu ya zamani na bando la siku moja. Waliotengeneza programu wameamua kumfikiria mjomba. Binafsi siwalaumu. Kundi la familia lenye watu themanini, kila mmoja akipakua MB 130 kwa ajili ya dakika moja, bando za ukoo mzima zingeisha kabla ya keki kukatwa.

Sasa tuangalie kinachopotea, maana hakipotei sawasawa. Cha kwanza ni ukubwa wa picha. Fremu ya 1080p ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kwa ubora wa kawaida wa WhatsApp, video hushushwa hadi karibu nukta 848 kwa 480, ambazo ni laki nne na kitu. Kila nukta moja inayofika inabeba kazi ya nukta tano. Kope, nyuzi za suka, maandishi kwenye kadi, vyote vinamezwa hapo.

Cha pili ni mwendo, na hapa ndipo mashangazi wanapopatwa. Video haihifadhiwi kama rundo la picha kamili. Huhifadhiwa picha moja kamili, kisha zinazofuata huandikwa mabadiliko tu: kipande hiki kimesogea kushoto, hiki kimebaki palepale. Mtu aliyekaa akitoa nasaha mbele ya pazia habadiliki sana, kwa hiyo hata ukiibana video yake inabaki inatazamika. Lakini mashangazi wanane wanaocheza, shanga zinawaka na kuzimika, taa za ukumbi zinabadilika rangi, karatasi zinarushwa juu: kila fremu karibu yote ni mpya. Nafasi iliyotengwa haitoshi kuandika mabadiliko yote hayo, programu inaamua kurahisisha. Simamisha video wakati wa kucheza uangalie kitambaa cha nguo. Utaona kimegeuka vigae, vimiraba vidogo vyenye rangi moja, na kwenye kivuli cha ukutani kuna ngazi badala ya giza linalofifia polepole. Vigae hivyo ndivyo alama ya video iliyobanwa mno. Ukungu wa kamera ambayo haikulenga sawasawa hauna vigae.

Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD juu ya skrini unapotaka kutuma video. Watu wengi wanakibonyeza wakidhani wametuma ile ya asili, na hapo ndipo tunapogombana. HD ya WhatsApp ni 720p, nukta 1,280 kwa 720. Ni bora kuliko ile ya kawaida, na kwa kuangalia kwenye simu inatosha kabisa, lakini kwa video ya 1080p bado umetuma chini ya nusu ya nukta, na bado imetengenezwa upya. Ikionyeshwa kwenye televisheni kubwa ya ukumbini, vigae vinarudi.

Njia ya kuituma kama ilivyo ni kuificha video isionekane kama video. WhatsApp inabana kile inachokitambua kama picha au video ya mazungumzo. Kikija kama hati, inakifunga na kukisafirisha bila kukigusa, herufi kwa herufi. Kwenye simu ya Android, fungua mazungumzo, bonyeza alama ya kibanio cha karatasi, usichague Gallery bali Document. Kisha tafuta video yako kwenye mafaili ya simu. Ukiirekodi kwa kamera ya simu, kwa kawaida iko kwenye folda ya DCIM, ndani ya Camera. Ichague, tuma. Kwenye iPhone, nimezoea kuihifadhi kwanza kwenye Files kutoka kwenye Photos, kwa Save to Files, halafu naingia WhatsApp, nabonyeza alama ya kujumlisha, Document, naichukua kutoka huko. Kwenye Telegram jambo ni lilelile kwa jina jingine: unaituma kama faili.

Utajuaje kama umefanikiwa? Kwenye mazungumzo haitatokea picha kubwa yenye pembetatu ya kuchezesha, itatokea kama kisanduku chenye jina la faili na ukubwa wake. Ukiona MB 128 pale, na kwenye galari yako maelezo ya video yanasema MB 128, umemaliza. Ukiona imetokea kama video ya kawaida, umepita mlango usio wake, ifute urudie. Mimi huku nikipokea, naangalia jina kwanza. Faili linaloitwa `VID-20240615-WA0007.mp4` nalijua mara moja kwa hizo herufi WA kuwa limepita WhatsApp kama video. Linaloitwa `20240615_163012.mp4` au `IMG_4821.MOV` limetoka moja kwa moja kwenye kamera.

Ziko hitilafu tatu zinazojitokeza. Kikomo cha hati ni GB 2, ambacho kwa 1080p ya MB 130 kwa dakika kinatosha video ya kama robo saa. Hotuba nzima ya baba mzazi inaweza kuzidi, na hapo ikate vipande au ipeleke Google Drive utume kiungo. Lakini mwambie mpokeaji aipakue. Akiitazama pale ndani ya Drive, anaweza kuonyeshwa nakala iliyopunguzwa, akaanza kukulaumu upya.

Hitilafu ya pili ni video inayotoa sauti na picha nyeusi, au inayokataa kufunguka kabisa. Simu nyingi za sasa, iPhone hasa, hurekodi kwa mfumo unaoitwa HEVC ili faili liwe dogo. Dakika ya 1080p huwa MB 60 tu badala ya 130. Ikipita kama video ya kawaida, WhatsApp inaigeuza iwe katika mfumo ambao simu karibu zote zinaufahamu. Ikipita kama hati, hakuna wa kuigeuza, na kompyuta au simu ya zamani ya mpokeaji inashindwa kuisoma. Video haijaharibika. Mpokeaji ajaribu kuifungua kwa VLC, ambayo ni ya bure na inasoma karibu kila kitu. Kama ni jambo la kujirudia, mwenye iPhone aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible kabla ya kurekodi.

Ya tatu watu hawaiwazi. Faili la asili linabeba na mambo mengine: saa ya kurekodi, aina ya simu, na kama umeruhusu kamera kutumia mahali ulipo, basi na mahali penyewe kwenye ramani. Kumtumia dada haina neno. Ukimtumia mtu usiyemjua vizuri video ya mtoto iliyorekodiwa sebuleni, umempa na anwani ya nyumbani, kwa hiyo huyo bora umtumie ile ya kawaida yenye ukungu wake.

Na kama anayehitaji yuko hapo hapo kwenye meza yenu, achaneni na intaneti. Quick Share kati ya Android mbili, AirDrop kati ya iPhone mbili, au waya wa kuchomeka kwenye kompyuta, vyote vinahamisha faili lenyewe bila kula bando. Kwenye sherehe siku hizi natembea na waya mbili mfukoni, nawafuata wageni kabla hawajaondoka. Kwa sababu wiki mbili baadaye wameshafuta kwenye simu ili kupata nafasi, na kilichobaki ni ile nakala ya kundi la familia, ambayo mtu aliihifadhi, akaituma tena kutoka galari yake, ikabanwa mara ya pili. Ukii-`forward` ndani ya WhatsApp haibanwi upya. Ukiitoa galari na kuituma tena kama video, inabanwa. Ya mashangazi ilinifikia ikiwa imepita galari tatu, na shanga zote zimekuwa doa moja la rangi ya dhahabu.