Jina moja, watu wengi: jinsi ya kujitenganisha na mwenye jina lako kwenye safari ya Marekani

Nafanya kazi ya kukata tiketi Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wengi wana majina matatu: lao, la baba na la babu. Majina yenyewe ni yale yale ya mwambao: Saidi, Mohamedi, Ali, Omari, Salimu. Mtaa mmoja unaweza kuwa na watu kadhaa wenye majina hayo matatu kwa mpangilio ule ule. Mitaani tunawatofautisha kwa ukoo au kwa kazi zao. Kompyuta ya usalama wa ndege haina ujuzi huo.

Kwa safari za kuingia au kutoka Marekani, kampuni ya ndege hutuma taarifa za abiria kwa TSA, idara ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, kupitia mpango uitwao Secure Flight. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia huanza kulinganishwa na orodha za uangalizi saa 72 kabla ya ndege kuondoka. Kwa kuwa majina yenye asili ya Kiarabu huandikwa kwa namna nyingi (Mohamed, Mohammed, Muhammad), ulinganishaji haudai kila herufi ifanane. Hapo ndipo mtu asiye na kosa hunaswa.

Mzee mmoja mfanyabiashara, ambaye binti yake anaishi Minneapolis, alinijia akiwa amechoka. "Mwanangu, kwa nini kila safari ni mimi tu?" Nilimuuliza mambo mawili. Je, anaweza kuchekini mtandaoni? Hapana, kila mara anaambiwa aende kaunta. Je, kadi yake ya kupandia ndege huwa na herufi SSSS, alama ya kwamba abiria akaguliwe zaidi? Alinionyesha ya zamani, zilikuwepo. SSSS ikitokea mara moja haithibitishi kitu, kwani abiria huteuliwa pia kwa bahati nasibu. Ikijirudia kila safari, kwa kampuni tofauti, na kuchekini mtandaoni nako kukikataa, mimi huhesabu kwamba jina limegongana na la mtu mwingine.

Dawa yake ni DHS TRIP, ofisi ya malalamiko ya wasafiri iliyoanza mwaka 2007. Maombi ni bure, hujazwa kwenye trip.dhs.gov, na asiye raia wa Marekani anaweza kuomba. Tulijaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tukataja pia tahajia nyingine anazotumia, tukaeleza alizuiwa wapi na lini, kisha tukaambatisha nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Anayekwambia ulipe ili jina "lifutwe" anakuibia.

Mwombaji hupewa namba ya tarakimu saba, iitwayo Redress Number. Mwanzoni ni ya kufuatilia maombi. Uchunguzi ukiisha, ndiyo ya kutumia safarini. Barua ya mwisho haisemi kama ulikuwa kwenye orodha au la. Mzee alisikitika sana kwa hilo, naye alikuwa na haki ya kusikitika, lakini ndivyo wanavyojibu.

Safari iliyofuata alizuiwa tena. Barua ilikuwa mfukoni, ila tiketi alikatiwa na mwanawe mtandaoni kwa majina mawili tu, na sehemu iliyoandikwa Redress Number ikaachwa wazi. Barua haisomwi na mfumo; kinachosomwa ni kilichomo kwenye bukingi. Tulimpigia wakala wa kampuni ile, jina likarekebishwa lifanane na pasipoti, namba ikaingizwa pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Safari ya kurudi alichekini kwa simu akiwa kwa binti yake. Tangu hapo namba tumeiweka kwenye wasifu wake wa abiria, lakini kila tiketi mpya naangalia kama kweli imehamia, maana ikinunuliwa kwa wakala mwingine haihamii yenyewe.

Tarehe ya kuzaliwa ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ndiyo inayomtenga Saidi huyu na yule. Wazee wengi wa huku hawakupata cheti utotoni, wakaandikishwa tarehe ya kukadiria. Hakikisha tarehe ya tiketi ni ile ile ya pasipoti, hata kama familia inajua nyingine.

Namba hii haizuii ukaguzi wa bahati nasibu, wala haiharakishi viza: ombi la viza likikwama kwa uchunguzi wa jina, linafuatwa ubalozini. Nje ya safari za Marekani haina nguvu. Anayesumbuliwa kwenye mipaka ya nchi za Schengen ana njia nyingine: kuomba mamlaka ya nchi mojawapo imwonyeshe taarifa zake katika SIS, mfumo wa taarifa wa nchi hizo, na, zikiwa na kosa, zisahihishwe. Iwapo mtu mwingine ametumia utambulisho wake, anaweza kukubali taarifa zake ziongezwe humo ili wasichanganywe tena.