Kipotoshi: jibu sahihi la swali jingine

Waliosomea utungaji wa mitihani huligawa swali la kuchagua katika sehemu tatu. Kuna shina, ambalo ni maelezo pamoja na swali lenyewe. Kuna jibu sahihi. Na kuna vipotoshi, yaani yale machaguo mengine yaliyopandwa pale ili mwenye elimu nusu ayaokote. Mtihani wa AWS Certified Solutions Architect – Associate, wa huduma za wingu za Amazon, ambao vijana wetu wengi wa Unguja na Pemba huuanza wakishamaliza ule wa msingi, una maswali 65 ya kufanywa kwa dakika 130. Swali la jibu moja lina machaguo manne, kwa hivyo kila jibu sahihi limezungukwa na vipotoshi vitatu.

Wengi hudhani kipotoshi ni uongo, na hapo ndipo wanapoanza kupotea. Ukitumwa Darajani ukalete changu wa kukaanga, ukarudi na pweza, hukuleta kitu kibaya. Pweza ni mzima na ana wenyewe wanaomtaka, ila mkaango uliokutuma haukuwa wake. Vipotoshi vya mtihani wa wingu vingi viko hivyo: ni huduma za kweli, zinafanya kazi, na zingekuwa jibu kama shina lingesema kitu kingine kidogo. Kwa hivyo mimi huwafundisha wanafunzi wangu wa Chake Chake wasiulize kama chaguo ni la kweli au la uongo. Waulize: hili ni jibu la swali gani?

Tulichukue swali moja, nililolitunga mwenyewe kwa mtindo wa mtihani.

Kampuni ya boti inahifadhi kwenye Amazon S3, ghala la mafaili la wingu, orodha za abiria zilizopigwa skani. Siku 30 za mwanzo orodha husomwa kila siku. Baada ya hapo kila orodha husomwa mara moja au mbili tu kwa mwaka, lakini ikitakiwa lazima ifunguke papo hapo. Orodha zinatakiwa zikae miaka 7. Karatasi zake huchomwa baada ya skani, kwa hivyo data lazima isalimike hata `Availability Zone` moja, yaani kundi moja la vituo vya data, ikiharibika. Ni suluhisho lipi lenye gharama nafuu kuliko yote?

A. Baada ya siku 30, kanuni ya `Lifecycle` izihamishie `S3 One Zone-IA`.
B. Baada ya siku 30, kanuni ya `Lifecycle` izihamishie `S3 Glacier Deep Archive`.
C. Baada ya siku 30, kanuni ya `Lifecycle` izihamishie `S3 Glacier Instant Retrieval`.
D. Baada ya siku 30, kanuni ya `Lifecycle` izihamishie diski ya `EBS` aina ya `sc1`.

Dada mmoja katika kundi langu hakuchukua hata nusu dakika. Akabonyeza B.

“Maalim, si miaka saba hiyo? Kitu cha miaka saba si ndiyo `Deep Archive`? Na ndiyo rahisi kuliko zote.”

Alilosema lilikuwa kweli tupu. `Deep Archive` ndiyo hifadhi ya bei ya chini kabisa ndani ya S3, na imetengenezwa kwa data ya kukaa miaka mingi. Nikamwomba asome tena sentensi ya tatu, taratibu. Alipofika kwenye “papo hapo” akanyamaza. Kitu kilichowekwa `Deep Archive` hakifunguki ukikibonyeza. Unaomba kirejeshwe, halafu unasubiri: kwa njia ya kawaida hadi saa 12, na kwa njia ya mafungu, iliyo nafuu zaidi, hadi saa 48. Afisa aliyesimama bandarini anataka orodha sasa hivi, na hawezi kungoja mpaka kesho kutwa.

Kosa lake halikuwa la elimu. Alilijua neno la msingi na akaijua huduma yake. Alichokosea ni kuanza na bei, na kushika neno moja akayaacha mengine. Maneno ya shina hayana uzito sawa. Mengine ni masharti na moja ni kigezo. Sharti huua: chaguo lisilolitimiza limekufa hata kama ni la bure. Kigezo hakiui, kazi yake ni kuchagua baina ya waliobaki hai. Katika mtihani wenyewe, ambao sisi huufanya kwa Kiingereza, kigezo hukaa karibu kila mara kwenye sentensi ya mwisho, na mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa: `MOST cost-effective`, au `LEAST operational overhead`. Ndiyo maana mimi husoma sentensi ya mwisho kwanza, nikijue kigezo, kisha narudi juu kuvua masharti. Na kigezo sikitumii mpaka masharti yamemaliza kazi yake.

Tulipolirudia swali lile kwa mpango huo, D ilikufa ya kwanza, tena bila hata kuangalia shina. Kanuni ya `Lifecycle` huhamisha vitu kati ya madaraja ya hifadhi ndani ya S3 basi, haina njia ya kutoka S3 kwenda kwenye diski ya `EBS`. Hiki ni kipotoshi cha aina adimu kidogo: huduma mbili za kweli zimefungishwa ndoa isiyokuwepo. Sentensi inasomeka vizuri, na `sc1` kweli ni diski ya bei ya chini kwa data isiyosomwa sana, kwa hivyo anayejua majina bila kujua yanavyoungana huingia mzima mzima.

B imeuliwa na “papo hapo”. Kwenye skrini sharti hili huja kwa sura nyingi: `immediately`, `within milliseconds`, `real-time access`. Ukiliona, yafute `Glacier Flexible Retrieval` na `Deep Archive` pamoja. Ile ya kwanza, kwa njia yake ya kawaida, huchukua saa 3 hadi 5. Jina Glacier lenyewe lisikutishe, kwa sababu `Glacier Instant Retrieval` inafungua kwa milisekunde kama S3 ya kawaida. Nimewaona watu wakiifuta C kwa ajili ya jina tu, wamekariri kwamba “Glacier ni ya kungoja”.

A imeuliwa na zile karatasi zilizochomwa. `One Zone-IA` huweka data katika `Availability Zone` moja. Zone hiyo ikiangamia, data inakwenda nayo. Mtunzi wa swali mara nyingi hasemi wazi kama nilivyosema mimi. Huandika tu `cannot be recreated`, au kinyume chake, `can be easily reproduced`, maneno matatu manne yaliyofichwa katikati ya aya ndefu, nawe usipoyatilia maanani A inakuwa tamu kabisa.

Imebaki C peke yake, na kigezo cha bei hakikupata hata kazi ya kufanya. Hutokea mara nyingi hivyo. Lakini tuseme D ingekuwa `S3 Standard-IA`. Hapo wangebaki wawili: zote mbili hufungua papo hapo, zote mbili husambaza data kwenye zone zisizopungua tatu. Sasa ndipo kigezo kinaamka, na hapa ndipo mbinu inapofika ukomo wake, kwa sababu huwezi kuamua bila kuijua bei kwa kiasi. Kwa bei za eneo la `us-east-1`, kuweka gigabaiti moja kwa mwezi ndani ya `Standard-IA` ni senti 1.25 za dola, na ndani ya `Glacier Instant Retrieval` ni senti 0.4. Kuisoma gigabaiti hiyo ni kinyume: senti 1 kwa ile ya kwanza, senti 3 kwa hii ya pili. Anayesoma mara moja au mbili kwa mwaka, anachookoa kwenye kuweka ni kikubwa kuliko anachoongezewa kwenye kusoma, kwa hivyo C inashinda. Angesoma mara moja kila mwezi, hesabu ingekuwa senti 2.25 dhidi ya 3.4, na `Standard-IA` ingekuwa ndiyo jibu. Nambari hizi huna haja ya kuzikariri. Kinachotosha ni kujua kwamba Glacier ya papo hapo ni rahisi kuweka na ghali kusoma, kisha utafute kwenye shina data inasomwa mara ngapi.

Kigezo cha pili, `LEAST operational overhead`, nitakipitia haraka kwa kuwa ni chepesi. Kinauliza nani atakayelala macho. Seva kadhaa za Linux zinataka kushiriki mafaili: unaweza kujijengea seva ya NFS juu ya EC2, yaani seva za kukodi za AWS, au unaweza kutumia Amazon EFS, hifadhi ya mafaili inayotunzwa na AWS wenyewe. Zote zinafanya kazi. Ya kwanza wewe ndiye utakayeitengeneza usiku wa manane, kwa hivyo kigezo kikiwa hiki, chaguo lolote la kujijengea mwenyewe liweke mwisho wa foleni.

Kuhusu muda, dakika 130 kwa maswali 65 ni dakika mbili mbili, na sisi tunasoma shina refu kwa lugha ya kigeni. Asiyekuwa mzawa wa Kiingereza anaweza kuomba nyongeza ya dakika 30. Kwenye akaunti ya mtihani inaitwa `ESL +30 MINUTES`, nayo huombwa kabla ya kuweka miadi ya mtihani. Wenzetu wengi hawaijui, au huikumbuka wakishalipa na kupanga siku. Na usiache swali tupu. Kukisia hakukatwi alama, ila swali lisilojibiwa huhesabiwa kosa. Ukikisia bila kufuta chochote una nafasi moja kwa nne, na ukishaua vipotoshi viwili una nusu kwa nusu.

Zoezi ninalowapa si kufanya maswali mia kwa siku. Mtu achukue swali moja, alibadilishe shina maneno machache mpaka kila kipotoshi kipate siku yake ya kuwa jibu. Yule dada aliondoka na swali la boti, akarudi baada ya siku mbili na daftari. Kwa B alifuta “ikitakiwa lazima ifunguke papo hapo” akaandika kwamba wakaguzi hutoa taarifa siku tatu kabla. Safi. Kwa A aliandika kwamba karatasi hazichomwi, zinawekwa ghalani na zinaweza kupigwa skani upya. Nikamwambia bado.

“Kwa nini bado, Maalim? Si sharti la zone limeondoka?”

“Limeondoka, lakini C bado iko hai, na kuweka ndani yake ni senti 0.4. `One Zone-IA` ni senti 1. Umemfungulia A mlango, hujampa sababu ya kushinda.”

Akakaa na kalamu yake dakika kumi. Halafu akakata “mara moja au mbili kwa mwaka”, juu yake akaandika “mara moja kila mwezi”, na pembeni, kwa herufi ndogo: kuweka 1 na kusoma 1 ni 2, kuweka 0.4 na kusoma 3 ni 3.4. D aliiacha kama ilivyo, akaizungushia duara na kuandika: “Huyu hana swali lake.”