Kuuliza kabla ya kuomba zabuni si udhaifu

“Nikituma maswali, si wataniona sijui kazi?”

Hapana. Nyaraka za zabuni, zikiwemo za miradi ya Benki ya Dunia, huweka muda wa kuomba ufafanuzi kwa maandishi, na kuuliza hakukulazimishi kushiriki. Jibu hutumwa kwa wote waliochukua nyaraka, bila kumtaja aliyeuliza. Kwa hiyo usianike mbinu zako ndani ya swali.

Chukua zabuni ya usafi wa jengo la ghorofa 4. Nyaraka zinataja sakafu na vyoo, lakini hazisemi nani ananunua sabuni. Andika: “Sabuni na dawa za vyoo zitagharamiwa na mteja au mzabuni?” Wakijibu mzabuni, piga hesabu ya mwaka mzima. Faida ikimezwa na sabuni, iache zabuni hiyo.