Prazikwanteli: dawa humkakamaza mnyoo wa kichocho, kinga ya mwili humalizia

Nilipewa vidonge vitatu, nikameza siku moja, basi. Vinamuuaje mnyoo haraka hivyo?

Vidonge havimuui vyenyewe. Vinamkakamaza, halafu mwili wako ndio unaomalizia.

Minyoo wa kichocho wanaishi ndani ya mishipa ya damu, karibu na kibofu au utumbo kulingana na aina yao. Wamejishikiza ukutani kwa vinyonyeo, na jike amelala ndani ya mkunjo wa mwili wa dume. Damu inayowapitia ina kalsiamu nyingi, lakini ndani ya seli zao kalsiamu ni kidogo mno, takribani mara elfu kumi chini ya ile ya nje. Seli hulinda tofauti hiyo kwa nguvu, kwa sababu kwenye msuli kalsiamu ni amri: ikiingia, msuli unajikunja, ikitolewa, unalegea.

Juu ya seli za mnyoo kuna milango midogo ya kuipitisha kalsiamu. Mwaka 2019 watafiti walitambua mlango ambao prazikwanteli inaufungua. Dawa inakaa kwenye kishimo cha mlango huo na kuuacha wazi, kalsiamu inamiminika ndani, na misuli yote inapokea amri ile ile kwa pamoja bila nafasi ya kulegea. Ukimtazama mnyoo kwenye chombo cha maabara, unamwona akijikunja na kuwa mfupi ndani ya sekunde chache tu. Kwa hiyo kupooza kwake si kulegea kama kamba, ni kukakamaa kama mguu ulioshikwa na mkazo wa misuli. Vinyonyeo vinaachia, naye anasombwa na damu; yule wa utumbo hufikia kwenye ini.

Mbona mimi sikukakamaa?

Seli zako nazo zina milango ya kalsiamu, ila haina kishimo kinachoikamata dawa hii vile. Umbo la kishimo ndilo kila kitu. Mnyoo bapa wa ini, anayesumbua kondoo na ng'ombe, ni ndugu wa karibu wa huyu wa kichocho, lakini mlango wake una tofauti ya asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, kwenye kishimo hicho, na prazikwanteli haimtikisi.

Sasa nani anamuua?

Ngozi ya mnyoo ndiyo siri yake. Ni laini, hai, na amejivika juu yake vitu vya damu yako, ndiyo maana anaweza kuishi miaka kadhaa mbele ya askari wa kinga bila kutambuliwa. Kalsiamu inapomfurika, ngozi hiyo inatoka malengelenge na kupasuka, na sehemu zilizofichwa zinabaki wazi. Kingamwili zinazielekea, seli za kinga zinafuata na kumtafuna.

Hapa kinga si mapambo. Panya wa maabara wasio na kingamwili hupona vibaya kwa dozi ambayo wenzao hupona nayo. Dawa yenyewe hupungua kwenye damu kwa nusu kila baada ya saa moja na kitu, hivyo kazi ya kumsafisha mnyoo inaendelea wakati dawa imeshaondoka.

Usiku ule tumbo lilinisokota na nikatapika. Ni sumu?

Mara nyingi ni dalili za minyoo wengi kujeruhiwa kwa wakati mmoja. Mwenye minyoo wengi huumia zaidi, na huisha kwa saa chache au siku moja. Kumeza dawa baada ya kula husaidia, na pia huifanya iingie vizuri kwenye damu.

Miezi mitatu baadaye damu imerudi kwenye mkojo, na maji yaliyoniambukiza sikuyakanyaga tena. Dawa ilikuwa feki?

Tuhesabu kwanza. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge kimoja kina 600. Kama una kilo 45, hiyo ni miligramu 1,800, yaani vidonge vitatu kamili. Dozi ilikuwa sawa.

Sasa niambie, mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa lini kabla ya dawa? Kama ni wiki mbili au tatu, jibu liko hapo. Minyoo walioingia mwilini siku hiyo walikuwa bado wachanga. Wachanga nao hujikunja wakikutana na dawa, lakini wengi huvumilia na kuzinduka, halafu wanaendelea kukua. Wale wa kibofu huchukua miezi miwili hadi mitatu hivi kuanza kutaga, na mayai ndiyo yanayoleta damu.

Ndiyo maana aliyetoka majini karibuni huambiwa arudie dozi baada ya wiki nne hadi sita. Wewe nenda ukapime mkojo sasa, na mpimaji aangalie kama mayai ni hai. Mayai yaliyokufa yaliyonasa kwenye kibofu yanaweza kuendelea kutoka kwa wiki kadhaa hata kama minyoo wote wameisha, na prazikwanteli haina la kuyafanya.