Si kila gharama ni matumizi

Programu ikishasoma ankara ya manunuzi hutoa jedwali lenye safu iitwayo "Gharama". Mtu akiliona neno hilo, mistari yote anaipeleka kwenye matumizi ya mwezi. Kwa kifupi: mali ya kudumu ni kitu kitakachofanya kazi katika biashara kwa zaidi ya mwaka mmoja, na bei yake inafikia kiwango cha sera ya kampuni. Kinachoisha kabla ya hapo ni matumizi.

Tatizo ni neno lenyewe. Gharama limetoka kwenye Kiarabu, ambako ni faini au fidia: fedha iliyokwenda bila kurudi. Ndiyo maana masikioni linalia kama hasara. Mhasibu, hata hivyo, akisema "gharama ya mashine" ana maana ya fedha zote zilizotumika kuipata na kuifikisha mahali pake ikiwa tayari kwa kazi. Hizo hukaa kwenye mizania.

Tuseme duka la vifaa vya ofisi Dar es Salaam limenunua mashine ya fotokopi kwa shilingi 4,000,000. Ankara ina pia usafirishaji 150,000, ufungaji na majaribio 250,000, wino wa akiba 300,000, na mafunzo ya wafanyakazi 200,000. Programu huona neno "usafirishaji" na kuuweka kwenye nauli. Hapana, huo ni sehemu ya mashine, pamoja na ufungaji na majaribio, kwa hiyo gharama ya mali ni 4,400,000. Mafunzo ni matumizi hata yakiwa ya lazima. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 16 kinayatoa waziwazi. Wino nao haumo: ukiwa bado kabatini ni akiba ya vifaa, ukitumika ni matumizi. VAT ya asilimia 18 haiingii ikiwa duka limesajiliwa na linadai irudishwe. Lisiposajiliwa, mashine inasimama kwenye 5,192,000.

Sasa uchakavu, yaani sehemu ya gharama ya mashine inayohamishiwa kwenye matumizi kidogo kidogo. Ankara hukupa gharama tu. Muda wa matumizi na thamani ya mabaki, yaani inachokadiriwa mashine itabaki nacho mwishoni, huamuliwa na kampuni, tuseme miaka 5 na 400,000. Tarehe ya kuanzia ndiyo hukosewa zaidi, maana programu hunakili tarehe ya ankara. Ankara ikiwa ya 28 Machi na mashine ikawa tayari kwa kazi 14 Aprili, uchakavu unaanza Aprili, na tarehe hiyo iko kwenye hati ya makabidhiano. Ukitoa mabaki kwenye 4,400,000 ya duka lililosajiliwa na kugawa kwa mafungu sawa, ni 800,000 kwa mwaka. Kama sera huhesabu mwezi mzima, hadi Desemba ni miezi 9, yaani 600,000.

Kwa hiyo ukiulizwa "gharama ya fotokopi ni ngapi?", jibu ni 4,400,000. Ile 66,667 ya kila mwezi ni uchakavu, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye matumizi.